Nyuzi 1,000 ndani ya kidonge cha milimita nane

Hotuba hii niliitoa Mtwara mjini, mbele ya wanafunzi wa kidato cha sita, walimu wao na mafundi kadhaa wa gesi na viwanda vya korosho. Waliokosa kufika waliomba maandishi yake. Nimeyaweka kama nilivyozungumza, slaidi nimeziacha.

*

Mgeni rasmi, walimu wenzangu, mafundi, na ninyi wanafunzi mliojazana huku mbele: habari za asubuhi. Shikamooni wakubwa wangu.

Nimepewa saa nzima na mada moja, nami nitaipunguza zaidi. Sitawahubiria nyuklia. Jirani zetu wa Namtumbo wana urani ya Mto Mkuju, na kila nikipita barabara ya Songea naulizwa mambo ya urani hadi nachoka. Leo nina swali moja tu, na ni la hesabu. Ndani ya kinu cha nyuklia cha maji kuna fimbo nyembamba. Maji yanayoipitia kwa nje yana nyuzi joto 310 hivi za Selsiasi. Je, katikati kabisa ya fimbo ile, kwenye ule mstari wa kati, kuna nyuzi ngapi?

Nani anakisia? Mia nne? Mia tano? Nimesikia mtu nyuma amesema 350. Tutamrudia huyo.

Kwanza tuijue fimbo yenyewe. Ndani yake kuna vidonge vya oksidi ya urani, vimepangwa kimoja juu ya kingine kama betri ndani ya tochi. Kipenyo cha kidonge ni milimita 8.2, yaani nusu kipenyo ni 4.1. Vidonge hivyo vimevikwa ganda la aloi ya zirkoniamu, ambalo nusu kipenyo chake cha ndani ni milimita 4.18 na cha nje 4.75. Ukitoa 4.1 kwenye 4.18 unaona kuna uwazi kidogo kati ya kidonge na ganda. Uwazi huo hujazwa gesi ya heliamu, nami nitauita mwanya. Vipimo hivi ni vya fimbo za kawaida za vinu vya maji yenye mgandamizo mkubwa. Katika kifurushi kimoja cha mpangilio wa 17 kwa 17 zinakaa fimbo za fueli 264.

Joto linatoka wapi? Viini vya urani vinapasuka ndani ya kidonge chenyewe, na joto linazaliwa humo humo, kila mahali ndani yake. Tuseme kila mita moja ya fimbo inatoa kilowati 20. Hiyo tunaiandika q', yaani joto kwa kila mita ya urefu. Kilowati 20 kwenye kitu chembamba kuliko kidole chako! Lakini ndivyo ilivyo, na joto lote hilo lazima litoke nje hadi kwenye maji.

Sasa sikilizeni namna tunavyoitafuta halijoto ya katikati. Hatuanzii katikati. Tunaanzia mahali tunapopajua, kwenye maji, halafu tunaingia ndani tabaka kwa tabaka. Kila tabaka linadai malipo yake ya nyuzi joto ili joto lipite. Tunajumlisha malipo, basi.

Tabaka la kwanza ni ule utando mwembamba wa maji unaogusa ganda. Mafundi wa gesi hapa mnaijua hesabu hii kutoka kwenye vibadilisha joto vyenu. Malipo ni q' gawanya kwa 2πRh, ambapo R ni nusu kipenyo cha nje na h ni uwezo wa maji kuchukua joto. Maji yanayokwenda kasi yakiwa na mgandamizo mkubwa yana h ya kama wati 35,000 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi moja. Weka R ya mita 0.00475, unapata nyuzi 19. Uso wa nje wa ganda una nyuzi 329.

Tabaka la pili ni ganda lenyewe. Ganda ni bomba, na kadiri joto linavyotoka ndani kwenda nje, eneo la kupitia linapanuka. Ndiyo maana logi inaingia: q' mara ln(4.75/4.18) gawanya kwa 2πk, ambapo k ni uwezo wa kitu kupitisha joto ndani yake. Zirkoniamu ina k ya kama wati 16 kwa mita kwa nyuzi moja. Jibu ni nyuzi 25. Uso wa ndani wa ganda uko 354. Yule ndugu wa nyuma aliyesema 350, umefika kwenye ganda. Bado hujaingia nyumbani.

Hadi hapa hakuna la ajabu, sivyo? Ganda lenye unene wa zaidi ya nusu milimita limedai nyuzi 25 tu. Basi tuingie kwenye mwanya, ambao ni mwembamba mara nyingi kuliko ganda.

Kabla ya kuukokotoa, niwape kisa cha hapa hapa kwetu. Kiwanda kimoja cha korosho, sitakitaja, kilikuwa na mashine ya kufungia pakiti. Taya za mashine hupashwa na hita ya fimbo: waya ndani, unga wa kuhami umeme unaouzunguka, ganda la chuma kwa nje, halafu hita nzima inachomekwa kwenye tundu la taya. Ninyi mafundi mnaona? Ni ndugu wa fimbo yetu. Joto linazaliwa ndani, linapita ganda, linapita mwanya, ndipo linafika kwenye taya. Hita zao zilikuwa zinaungua moja baada ya nyingine. Wakabadilisha muuzaji, zikaendelea kuungua. Nilipoitwa, fundi wao akaichomoa moja bila taabu yoyote. Ilitoka kama kalamu kwenye kifuniko chake. Ganda lilikuwa jeusi, limevimba katikati. Tundu lilikuwa limetobolewa upya baada ya hita ya zamani kung'ang'ania, na likawa pana kupita kiasi.

Hita ya namna hiyo inaweza kutoa wati 10 kwa kila sentimita ya mraba. Hewa ya moto ina k ya kama 0.04. Mwanya wa hewa wa nusu ya sehemu ya kumi ya milimita, yaani 0.05, unadai nyuzi 125. Panua mwanya mara tano, malipo nayo yanapanda mara tano. Kweli, hita ikishapata moto sana sehemu ya joto hurukia ng'ambo kwa mnururisho, kwa hiyo haifiki huko kote. Lakini inafika mbali ya kutosha kuunguza waya. Na angalia jambo moja: kipimahalijoto cha taya kilikuwa kinasoma sawasawa muda wote. Kosa lilikuwa upande wa pili wa mwanya, mahali ambapo hakuna aliyepima.

Turudi kwenye urani. Kidonge kikipata moto hutanuka, kwa hiyo mwanya wa milimita 0.08 wakati wa baridi unabaki kama 0.045 kinu kikiwaka. Heliamu ya moto ina k ya kama 0.27. Gawanya 0.27 kwa mita 0.000045, unapata uwezo wa kupitisha wa 6,000, kwa vipimo vilevile vya h ya maji. Linganisha na 35,000 ya maji. Malipo ni q' gawanya kwa 2πRh, safari hii R ni ya katikati ya mwanya, milimita 4.14. Jibu: nyuzi 128.

Rudieni pamoja nami. Ganda la zirkoniamu, milimita 0.57: nyuzi 25. Mwanya, milimita 0.045: nyuzi 128. Uwazi ambao jicho haliuoni unadai mara tano ya malipo ya ganda. Uso wa kidonge sasa una nyuzi 482.

Tumebakiza kidonge. Hapa ndipo wanafunzi wangu wengi huanguka, na huanguka kwa mtindo uleule mwaka hadi mwaka. Mwanafunzi ameona logi imefanya kazi vizuri kwenye ganda, basi anaibeba nayo ndani ya kidonge. Anaandika ln ya 4.1 gawanya kwa nusu kipenyo cha mstari wa kati. Nusu kipenyo cha mstari wa kati ni ngapi? Sifuri! Kikokotoo kinaandika kosa. Mmoja hakukata tamaa: akaweka 0.001 badala ya sifuri, akapata jibu, akapiga mstari chini yake mara mbili. Jirani yake akaweka 0.0001, akapata jibu jingine. Wakaja kwangu niwaamulie nani yuko sahihi.

Hakuna aliye sahihi. Kwa nini? Fomula ya logi inadai kitu kimoja: kwamba joto lote linaingia upande mmoja wa ukuta na lilelile linatoka upande mwingine. Kwenye ganda ni kweli, kwa sababu ganda halizai joto la kutajika. Kwenye mwanya ni kweli. Ndiyo maana tuliweza kuyapanga matabaka hayo kama vikinza vya umeme vilivyounganishwa kwa mfuatano, mkondo mmoja ukipita vyote. Ndani ya kidonge si kweli hata kidogo. Pale katikati kabisa hakuna joto linalopita, kwa sababu hakuna chochote ndani zaidi cha kulizaa. Ukisogea kidogo nje, umezungukwa na fueli kidogo, joto kidogo linapita. Ukifika ukingoni, kilowati zote 20 zinapita.

Basi tuihesabu kwa haki yake. Chora duara la nusu kipenyo r ndani ya kidonge. Joto linalozaliwa ndani ya duara ni q''' mara πr², ambapo q''' ni joto kwa ujazo. Linatokea kwenye mzingo wa 2πr. Gawanya: kila eneo la mraba linapitisha q''' mara r gawanya kwa 2. Sifuri katikati, kubwa ukingoni, na linapanda sawia na r. Mteremko wa halijoto nao ni hivyohivyo, kwa hiyo halijoto yenyewe inashuka kwa r mraba. Tofauti kati ya katikati na uso ni q'''R² gawanya kwa 4k. Na kwa kuwa q' ni q''' mara πR², unaweza kuandika:

T(kati) − T(uso) = q' / (4πk)

Tazameni fomula hiyo. Kuna kitu kimekosekana. Nini?

Binti mmoja wa kidato cha sita alikiona jana, tulipokuwa tukifanya mazoezi haya, na nilifurahi sana. Alisema, "Mwalimu, R imepotea. Ina maana kidonge kikiwa kinene au chembamba, katikati ni palepale?" Nikamwambia ndiyo, mwanangu, mradi q' haijabadilika. Kilowati 20 kwa mita kwenye kidonge cha milimita 8, au kilowati 20 kwa mita kwenye kidonge cha milimita 16: tofauti ya katikati na uso ni ileile. Kidonge kinene kina njia ndefu zaidi, lakini joto limetawanyika humo kwa upole zaidi, na mambo hayo mawili yanafutana kabisa. Akauliza tena, "Sasa kwa nini wanatengeneza fimbo nyingi nyembamba?" Swali zuri kuliko la kwanza. Kwa sababu ukiigawa nguvu ileile ya kinu kwa fimbo nyingi zaidi, q' ya kila fimbo inashuka, na q' ndiyo inayoamua. Wembamba peke yake hausaidii katikati. Wingi ndio unaosaidia. Tena fimbo nyingi nyembamba zina uso mkubwa zaidi wa kugusana na maji.

Sasa tumalize. Oksidi ya urani ni aina ya kauri, na kauri ni mpitishaji mbaya wa joto. Chukua k ya 3. Elfu 20 gawanya kwa 4π mara 3: nyuzi 531. Jumlisha na 482.

Nyuzi 1,013.

Kutoka uso wa kidonge hadi katikati ni milimita nne, na katika milimita nne hizo halijoto imepanda kwa nyuzi 531. Maji ya nje yangali 310.

Wanafunzi, mkitaka kujua kama mmekosea, kuna alama mbili. Ukipata tofauti ya kidonge 1,061, umeandika 2π mahali pa 4π. Umelipitisha joto lote kutoka katikati, wakati wastani wake linazaliwa njiani. Na ukipata ganda linadai zaidi ya mwanya, rudia vipimo, uwezekano ni kwamba umesahau kugeuza milimita kuwa mita.

Nisiwadanganye kuhusu ile k ya 3. Kauri hii hupitisha joto vizuri ikiwa baridi, na vibaya inapopata moto. Fueli mpya kwenye nyuzi 500 ina k karibu 5, kwenye 1,000 karibu 3, kwenye 1,500 kama 2.5. Na fueli iliyokwisha kaa kinuni muda mrefu hupitisha vibaya kuliko mpya. Kwa hiyo mhandisi anakisia k, anatafuta halijoto, anarudi kurekebisha k, anatafuta tena, mpaka majibu yaache kucheza. Kwa fueli mpya angeshuka chini ya 1,013. Mimi nimeshika 3 kwa tahadhari.

Lakini tukae na mwanya, maana ndio unaonikosesha usingizi kuliko vingine vyote. Kidonge tunaweza kukipima. Ganda tunalijua. Mwanya hubadilika kila siku kinu kinapofanya kazi.

Mwaka 1972, katika kinu cha Ginna, jimbo la New York kule Marekani, walifungua fueli iliyotumika wakakuta baadhi ya fimbo zimebonyea, zimekuwa bapa sehemu fulani. Nini kilitokea? Vidonge vilikuwa na vitundu vidogovidogo ndani, na ndani ya kinu vitundu vile vikajifunga. Kidonge kikasinyaa. Safu ya vidonge ikashuka na kuacha nafasi tupu katikati ya fimbo, na fimbo zile hazikuwa zimejazwa gesi ya kusukuma kutoka ndani. Maji ya nje yenye mgandamizo mkubwa yakalibonyeza ganda palipokuwa patupu. Sasa fikirini kwa hesabu yetu ya leo: kidonge kilichosinyaa kina mwanya mpana zaidi, na mwanya mpana unadai nyuzi zaidi. Wahandisi wakalazimika kurudia hesabu za halijoto, na kujaza heliamu kwa mgandamizo tangu kiwandani kukawa desturi.

Kwa nini heliamu na si hewa? Kwa sababu ni gesi nyepesi inayopitisha joto vizuri. Lakini haibaki peke yake humo. Urani ikipasuka huzaa pia zenoni na kriptoni, gesi nzito. Zenoni hupitisha joto vibaya kuliko heliamu zaidi ya mara 20. Nyingi hukaa zimenaswa ndani ya kauri, lakini katikati pakikaribia nyuzi 1,200 hivi zinaanza kutoroka kwa wingi na kuingia mwanyani.

Mnaona inakokwenda? Tuseme zenoni imechafua heliamu mpaka uwezo wa mwanya ukashuka kutoka 6,000 hadi 2,000. Mwanya sasa unadai nyuzi 384 badala ya 128. Katikati panapanda hadi 1,269, hata kabla hatujaishusha k. Sasa tumevuka ile 1,200. Zenoni zaidi inatoka. Mwanya unazidi kuchafuka. Moto unazaa gesi, gesi inazaa moto. Kinachookoa ni kwamba kadiri miaka inavyokwenda vidonge huvimba na ganda hujikaza kuvifuata, hadi mwanya unafungwa na vinagusana. Lakini hapo katikati ya safari pana kipindi ambacho mhandisi hapendi kubahatisha.

Halden, nchini Norwei, walikuwa na kinu cha utafiti kilichofanya kazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi 2018. Walitoboa tundu katikati ya vidonge, wakaingiza waya wa kupimia halijoto hadi kwenye mstari wa kati, wakasoma moja kwa moja. Programu za kompyuta zinazotumika leo kukisia halijoto ya fueli zimepimwa kwa vipimo vya namna hiyo. Na tundu lenyewe, mkitaka kujua, hushusha halijoto ya katikati. Kwa kidonge chetu, tundu la milimita 1.2 lingepunguza kama nyuzi 45, kwa sababu ile fueli ya katikati, yenye safari ndefu kuliko zote, haipo. Vinu vya Kirusi vya aina ya VVER vimetumia vidonge vyenye tundu kwa miaka mingi. Anayepima kupitia tundu lazima akumbuke hilo anaposoma namba yake.

Fundi mmoja ameniuliza wakati wa chai: "Oksidi ya urani inayeyuka kwenye nyuzi 2,850 hivi. Wewe uko 1,013. Unahangaikia nini?" Kaka, swali la haki. Ninahangaikia siku ambayo maji yanapotea. Kinu kinazimwa, mpasuko unakoma, lakini joto lililokwisha kujaa ndani ya kidonge haliendi kokote ghafla. Wastani wa halijoto ya kidonge chetu ni nusu ya njia kati ya 482 na 1,013, yaani karibu 748. Ganda lina 350. Maji yasipokuwepo ya kuchukua, joto la kidonge linajisawazisha, linamiminika kwenye ganda, na juu yake linaongezeka joto la mabaki ya mpasuko linaloendelea kutoka hata kinu kikiwa kimezimwa. Sheria za Marekani zinataka ganda lisipite nyuzi 1,204 katika ajali ya namna hiyo, maana huko juu zirkoniamu inachukuana na mvuke kwa kasi, inatoa hidrojeni na kuongeza joto lake yenyewe. Aliyeanza ajali na kidonge cha wastani wa nyuzi 1,000 kwa sababu mwanya wake ni mbaya amebakiza nafasi ndogo kuliko aliyeanza na 748.

Muda wangu umeisha, mwenyekiti ananiangalia saa. Wanafunzi, chukueni kazi ya mchana. Fimbo ileile, maji yaleyale ya 310, lakini mahali penye moto zaidi: q' ni kilowati 40. Kidonge kimetanuka zaidi, kwa hiyo mwanya upeni 10,000. Kwa kidonge msitumie 3, tumieni 2.5, halafu mniambie kwa nini. Ukipata katikati karibu na 1,826 njoo mezani kwangu unioneshe njia. Ukipata tofauti, njoo vilevile, na njoo na karatasi yako yote, si jibu peke yake.